Mama Hakuahidi Kuhama

Nilirudi kutoka Mai Mahiu, nilikokwenda kumzika shangazi, nikakuta mama ameketi jikoni na moto umezimwa. Kwa mtu asiyemjua mama hilo ni jambo dogo. Kwetu Bondeni, moto wa mama ulikuwa ndio saa ya mtaa. Alikanda unga wa mahamri kabla ya adhana ya alfajiri, na watu waliamka kwa harufu ya iliki. Sasa jiko lilikuwa baridi, na mezani palikuwa na sahani yake ya maua ya buluu, ile aliyoipenda, nayo ilikuwa tupu.

"Nani amerudisha sahani hii?" nikamuuliza.

"Rafiki yangu wa uji."

"Na imekuja hivi hivi?"

"Imekuja hivi hivi."

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa chakula katika sahani ya mtu, utairudisha na chochote, hata kama ni ndimu mbili au chumvi kidogo ndani ya karatasi. Kuirudisha tupu ni kumwambia mtu kwamba mmemalizana. Mama muuza uji alikuwa mtu wa Kabazi, Mkristo, lakini alikuwa ameishi kwetu muda mrefu na desturi hii aliijua kuliko baadhi yetu. Alijua alichokuwa akisema.

Mama alinieleza yaliyotokea, nami nikahisi damu inanichemka kichwani. Sijapata kuchukia mtu katika maisha yangu kama nilivyomchukia karani mkuu wa ofisi yetu jioni ile. Namwandika hapa bila jina kwa sababu watoto wake wako hai na hawakunikosea kitu. Yeye mwenyewe simwonei haya.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Katika miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya ustawi wa jamii mjini Nakuru, mwanamke pekee pale, na nilikuwa na ulimi mrefu kuliko mshahara. Bwana mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mpole kwa namna yake, mwenye Kiswahili cha jikoni. Alipenda kuita mikutano ya wananchi, lakini watu wakianza kubishana kwa kasi alikuwa anapotea. Hivyo alileta mashine ya kunasa sauti. Ilikuwa nzito kama cherehani, ina magurudumu mawili ya utepe yanayozunguka, na taa moja ya kijani iliyokuwa ikicheza mtu akipaza sauti. Mkutano ulinaswa wote, kelele na kikohozi, kisha karani mkuu alijifungia akausikiliza na kumwandikia bwana mkubwa muhtasari kwa Kiingereza.

Agizo la bwana mkubwa lilikuwa moja. Alitaka kujua nani ameahidi nini. "Mimi hapana taka kelele," alikuwa akisema. "Mimi nataka ahadi." Karani alilishika agizo hilo kama aya ya kitabu. Alisikiliza, akatupa kelele, akabakiza maneno. Kicheko kwake kilikuwa kelele. Kuguna kwa watu kulikuwa kelele, na hata swali lililotangulia jibu alilitupa. Palibaki sentensi zimekaa kwenye karatasi kwa adabu, hazina sura wala sauti.

Kabla ya hapo makosa yake yalikuwa ya kutuchekesha. Katika mkutano mmoja bibi mmoja mzee alikuja na mjukuu wake, akasema kama bibi zetu wote wanavyosema, "Mimi sina maneno, muulizeni mume wangu huyu." Karani akaandika kwamba bibi huyo ameolewa, na kwamba mume wake, ambaye bado yuko shule ya msingi, ndiye atakayemsemea. Niliipiga taipu karatasi hiyo huku machozi ya kicheko yakinitoka. Laiti ningejua ningelia.

Sasa, suala la akina mama. Mama na wenzake walikuwa wakiuza chakula karibu na stesheni: chai, mahamri, maharagwe, uji. Vibanda vyao vilikuwa vya mabati na magunia, na wafanyakazi wa reli walikula hapo. Halmashauri ilitaka mahali pale pawe wazi. Bwana mkubwa akaita mkutano ukumbini ili wasikilizane, na mama, kwa sababu ya mdomo wake, akachaguliwa na wenzake kuwasemea. Mkutano ulifanyika nikiwa safarini. Muhtasari karani aliupiga taipu mwenyewe, kwa vidole viwili, wala hakuningoja.

Siku mbili tatu baadaye lilikuja lori na askari wa halmashauri. Wakabomoa vibanda na kupakia masufuria. Akina mama walipopiga kelele, yule mkubwa wa askari akatoa karatasi akawasomea: mwakilishi wenu alikubali ukumbini kwamba mtahama asubuhi na vyombo mtaacha. Akamnyooshea mama kidole.

"Lakini walikuwapo ukumbini," nikamwambia mama. "Walikusikia."

"Walinisikia nikitania. Sasa wanasema utani ule ulikuwa wa kuwafumba macho, na maneno yenyewe nilikwisha kuyapeleka ofisini kwa mlango wa nyuma kabla hujasafiri. Si nina binti huko?"

Hapo ndipo nilipoelewa sahani. Mimi ndiye niliyekuwa ule mlango wa nyuma. Kazi yangu niliyoringia ndiyo ilimfanya mama aonekane msaliti. Hakulia. Alisema tu kwamba vibanda vitajengwa tena na sufuria zitanunuliwa, lakini hataweza kuketi tena kwenye benchi moja na wale wanawake wakimtazama vile. "Wanikopeshe macho yao ya zamani," akasema, "hayo mengine nitayatafuta mwenyewe."

Nikaapa kwamba atayapata. Nikaapa pia kwamba karani atalipa, na sikuwa nimeamua ni kipi nakitaka zaidi.

Asubuhi yake nilimfuata mezani kwake. Alikuwa mtu nadhifu, nywele zimechanwa njia upande mmoja, kalamu tatu mfukoni.

"Bwana karani, umeandika mama yangu amekubali kuhama."

"Amesema. Iko kwenye utepe."

"Alisemaje?"

"Alisema watahama kesho asubuhi. Binti, mimi sibuni. Mimi naandika yaliyosemwa."

"Na watu walifanya nini aliposema?"

Akanitazama kama niliyeuliza rangi ya upepo. "Watu? Watu walipiga kelele. Kazi yangu si kelele."

Niliomba kuusikiliza utepe. Akakataa. Akasema Ijumaa unapelekwa Bahati kwenye mkutano mwingine, nao utanaswa juu ya huu wa zamani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: utepe ulikuwa ghali, ofisi ilikuwa na magurudumu machache, na mkutano mpya uliufuta wa zamani. Kabati la tepu lilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulining'inia kiunoni mwake. Ijumaa ikifika, sauti ya mama ingefutika na ile karatasi ingebaki peke yake milele.

Nilirudi kwenye taipu yangu nikiwa na hasira ya kuuma meza. Na hasira, wakati mwingine, humpa mtu masikio mazuri. Siku ile ile karani alikuwa akijaribu mashine kabla ya safari ya Bahati. Aliweka utepe mwingine, akawasha, akahesabu moja, mbili, tatu, kisha akaanza kupiga soga na tarishi kama kawaida yake. Bwana mkubwa alikuwa nje. Karani akasema, huku anacheka mpaka anakohoa: "Huyu mzee wetu, siku moja nitamfunga kamba kwenye kiti chake, nimfundishe Kiswahili mpaka alie. Akishindwa namtia ndani ya lori nampeleka porini." Tarishi akapiga makofi. Taa ya kijani ikacheza. Karani akazima mashine, akaenda kunywa chai, na gurudumu lile akaliacha pale pale juu ya mashine.

Nililigeuza, nikasikiliza, nikakaa kwenye taipu. Nikaandika muhtasari kwa mtindo wake mwenyewe, Kiingereza kile kile kikavu, bila kelele: Karani mkuu ameeleza nia ya kumfunga kamba bwana mkubwa ofisini, kumtesa hadi alie, na baadaye kumsafirisha kwa lori kwenda porini. Tarishi ameunga mkono.

Msomaji wa leo atacheka. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji waliojificha porini. Watu walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, wakawekwa mahali ambapo wake zao hawakupajua. Porini lilikuwa neno ambalo mtu hakulisema mbele ya askari hata kama alikuwa anatafuta mbuzi aliyepotea. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika, nami nilibonyeza kila herufi kwa raha.

Alipotoka chai nilimwekea karatasi mbele.

Aliisoma, akaisoma tena. Kalamu aliyoishika ikamtoka. "Nilikuwa natania," akasema.

"Umesema. Iko kwenye utepe."

"Nilikuwa nacheka! Hata wewe ulisikia nacheka!"

"Kazi yangu si kelele, bwana karani."

"Unataka kuniua?" Sauti ilikuwa imekuwa ndogo kabisa. "Nina watoto."

"Na mimi nina mama."

Kama alitarajia nitalainika, alikosea mtu. Nilimwacha aive. Mwishowe akafungua ule ufunguo kiunoni bila mimi kuuomba mara ya pili, akauweka juu ya karatasi. Nami nikaichana karatasi mbele yake, vipande vidogo vidogo, kwa sababu sikukusudia kuipeleka. Nilitaka tu aonje. Hilo hadi leo silijutii hata kidogo.

Niliusikiliza utepe wa mkutano mchana kutwa. Nilianza kwa kuandika kila neno kwa Kiswahili kama lilivyosemwa, kabla ya kugusa Kiingereza, maana ukitafsiri na kufupisha kwa mkupuo mmoja hujui umeangusha nini. Pembeni niliandika yale ambayo karani aliyaita kelele: wanacheka, kimya, anaulizwa, anarudia. Na kila nilipofika mahali pa mama nilirudisha utepe nyuma, nikasikia kwanza lile swali alilokuwa akijibu.

Bwana mkubwa alikuwa ameuliza: "Nyinyi mama tahama lini?"

Na mama, kwa sauti ile ya kuvuta ninayoijua tangu utotoni, ile aliyoitumia nikivunja kikombe na kusema sikuvunja: "Lini tena, bwana wangu? Kesho asubuhi! Kabla jua halijatoka! Na masufuria tunawaachia, muwapikie uji farasi wenu wa mashindano. Sisi wenyewe tutaingia ziwani, tusimame mguu mmoja mmoja kama heroe, mje mtupige picha."

Ukumbi ulilipuka. Taa ya kijani nadhani ilitaka kupasuka. Sauti ya rafiki yake wa uji niliitambua, akicheka na kupiga kelele, "Mimi nitakuwa heroe mnene!"

Nilisimamisha mashine. Nikachukua muhtasari wa karani nikausoma tena. Kuhama asubuhi kulikuwapo, na masufuria yalikuwapo. Ziwa halikuwapo, na heroe hawakuwapo. Yote yalisemwa kwa pumzi moja. Kama aliamini kwamba mama anaahidi, mbona hakuandika kwamba akina mama wa stesheni wamekubali kugeuka ndege? Alijua basi. Sehemu ya akili yake ilijua huo ni mzaha, akaukata mkia ili ufanane na ahadi, kwa sababu bwana mkubwa alitaka ahadi na ukurasa ulikuwa mtupu. Hapo chuki yangu ilipata mahali pa kukaa vizuri. Mjinga ningemsamehe.

Mbele kidogo kwenye utepe nilimkuta seremala mmoja mzee wa mtaani, aliyesimama akasema, "Tuseme mimi ndiye mkubwa wa mji huu. Tuseme tu. Ningewajengea hawa mama jumba la mawe." Karani alikuwa ameandika kwamba seremala amejitolea kujenga jumba la mawe, na maskini yule mzee alikuwa tayari ameulizwa na halmashauri mawe yatafika lini. Alikuwa akijificha.

Kisha, karibu na mwisho wa utepe, nikasikia kitu ambacho hakikuwa kwenye muhtasari kabisa.

Mama aliuliza, na sauti ya kuvuta ilikuwa imekwisha: "Na mkitutoa kabla hamjatujengea paa na bomba kule kwingine?"

Bwana mkubwa hakuelewa. Karani ndiye aliyejibu. "Mama, hakuna atakayeguswa kabla ya paa na bomba. Likitokea hilo, mimi nitasimama mbele yenu hapa niwaombe radhi, na kiti changu cha ukarani nitakiacha."

Kimya. Nikasikia hata kiti kikilia.

"Unasema kweli au unacheza na sisi?" mama akauliza.

"Sichezi. Nimesema, na ninarudia, nitakiacha."

Mtu mmoja akasema "Haya," watu wakaguna kwa kuridhika, mkutano ukaendelea. Niliirudia sehemu hiyo mpaka nikaijua kwa moyo. Hakuna aliyecheka. Aliulizwa kama ni kweli, akathibitisha, akarudia. Hii ndiyo ilikuwa ahadi pekee ya mkutano mzima, na mwenye kuitoa ndiye aliyeandika muhtasari.

Niliandika wangu. Sikuyafuta matani ya mama, maana kuyafuta nako kungekuwa uongo: mtu akikejeli amesema jambo, na jambo lenyewe ni kinyume cha maneno. Nikaandika kwamba alipoulizwa siku ya kuhama alijibu kwa kejeli, ukumbi ukacheka, na kwamba maana yake ni kukataa. Seremala alitoa mfano wa kuwaza tu, hakujitolea kitu. Chini ya neno Ahadi nikaandika moja tu, ya karani, pamoja na swali la mama na jibu lake. Nikaingia kwa bwana mkubwa bila kubisha mlango.

Alisoma polepole. Alipofika kwenye heroe akaniuliza ni nini, nikamwonyesha dirishani kule ziwani kulikokuwa na mstari mrefu wa ndege wa rangi ya waridi. Uso wake ukawa mwekundu kuliko wao.

"Kwa nini yeye hapana andika hii?"

"Bwana ulisema hutaki kelele."

Akaikunja karatasi. Sina hakika kama alielewa kwamba na yeye nilikuwa nimempiga kofi.

Hakuwa mtu mbaya, nitamwacha na hilo. Aliita watu ukumbini tena, wanawake wote wa stesheni, mashine ikawekwa juu ya meza, na utepe ukachezwa mbele yao. Kwanza karatasi ile ya lori ilisomwa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na baada ya kila mstari sauti yenyewe. Waliposikia heroe walicheka tena kama siku ile, kisha kicheko kikafa taratibu, wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama mama. Kila mtu sasa aliona mahali karatasi ilikotoka. Hapakuwa na mlango wa nyuma. Palikuwa na karani na mkasi wake. Mama muuza uji alifunika uso kwa leso.

Halafu nikacheza ile sehemu ya mwisho.

"Hii wewe sema?" bwana mkubwa akamuuliza karani.

"Bwana, nilikuwa nawatuliza tu. Ilikuwa kama mzaha."

Wakati huu sikungoja kuambiwa. Nilirudisha utepe nikaucheza tena: swali la mama, ule ukimya, kiti kinacholia, sichezi. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Nilitaka aone uso wangu akijisikia. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na nilikunywa jambo lile kama maji baridi. Nikaurudisha tena kidogo, ingawa hapakuwa na haja, nikacheza neno moja: sichezi.

Alisimama mbele yao. Aliomba radhi kwa maneno mafupi, macho chini, na akasema kiti anakiacha. Bwana mkubwa alimhamishia stoo, awe anahesabu mahema na majembe. Akina mama waliruhusiwa kurudi stesheni mpaka paa na bomba vitakapokuwa tayari, na masufuria yalirudishwa, moja limebonyea.

Lakini kabla ya hayo, pale pale ukumbini, karani akiwa bado amesimama, mama aliinuka. Akajifunga leso vizuri. Akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Nenda ukapumzike." Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, watu wakapigana mabega, na mimi nikacheka kuliko wote. Bwana mkubwa akainama akaniuliza kama mama amesema kweli au ni heroe tena. Nikamwambia nitamwandikia. Mashine ilikuwa inazunguka bado.

Kesho yake kiti cha muhtasari kilikuwa changu. Nikasikiliza. Nimekusamehe, mwanangu, kisha mlipuko wa vicheko. Nikapiga taipu, kwa furaha ambayo siwezi kuielezea: Msemaji wa akina mama alitamka msamaha kwa kejeli, ukumbi ulicheka, maana yake ni kwamba hakusamehe. Niliitazama sentensi ile. Ilikuwa nzuri. Ingekaa kwenye faili lake maisha yake yote.

Nilipoitoa karatasi kwenye taipu kitu kikanisumbua. Utepe hauna uso. Niliisikia sauti ya mama tena, na ile ya kuvuta sikuisikia. Nilirudia. Waliocheka nilikuwa nawasikia vizuri, nami mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Nikaikunja karatasi mfukoni nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa jikoni na moto ulikuwa unawaka. Juu ya meza palikuwa na sahani ya maua ya buluu, imejaa viazi vya kuchoma kutoka kwa muuza uji, na juu yake ndimu.

"Mama, jana ulipomwambia karani umemsamehe. Ulikuwa unamkejeli, sivyo?"

Hakuacha kukanda. "Nani alicheka?"

"Watu wote."

"Mimi je?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimemtazama karani muda wote, mama sikumtazama. "Sijui," nikasema.

"Sikucheka," akasema. "Yule ni mtoto wa mtu, na nimechoka. Nilimaanisha."

"Baada ya yote aliyokufanyia?"

"Umekuja kuniuliza nilichosema au kunifundisha cha kusema?"

Nilirudi ofisini nikaichana ile sentensi nzuri. Nikaandika upya, nikigonga kila herufi kama ninayepigilia msumari: Msemaji wa akina mama alimsamehe karani. Ukumbi ulicheka, lakini msemaji, alipoulizwa baadaye, alithibitisha kwamba alisema kweli. Nikatia sahihi. Bwana mkubwa akaiweka kwenye faili, na kwa sababu ya mstari ule karani hakufukuzwa kazi kabisa, akaendelea kula mshahara wa serikali mpaka uzee wake.

Mama alisamehe, na niliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikuulizwa. Kama kuna atakayefupisha maneno yangu haya, aandike kwamba mimi sikumsamehe, sijamsamehe, na nilipokuwa nikisema hivi hapakuwa na mtu aliyecheka.